Jumamosi imejaa, nichukue chumba cha pili?

"Habari mwalimu. Nina saluni ya viti vinne Section 58, Nakuru. Tuko wasusi wanne, mimi nikiwemo, kila mmoja kwa kamisheni ya asilimia 40. Jumamosi watu wanageuka mlangoni kwa kukosa kiti. Chumba cha kando yangu kimebaki wazi, kodi ni 18,000 kwa mwezi. Nimekutumia daftari langu la Machi hadi Mei. Nikichukue niongeze viti viwili, au nisubiri? Na kati ya kujaa kwa viti, malipo ya kila mteja na wateja kurudi, nitazame lipi kwanza?"

Dada, usikichukue kwa sasa. Daftari lako lenyewe ndilo linalosema hivyo, na linasema vizuri kuliko mengi ninayoletewa, kwa sababu umeandika saa mteja alipokaa na saa alipoinuka. Wengi huandika jina na pesa tu, na hapo hakuna mtu anayeweza kujua kiti kilifanya kazi kiasi gani. Tuanze na viti, kisha malipo. Kurudi kwa wateja nakuweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiko kulikobadilisha mawazo yangu nilipolisoma daftari.

Unafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni saa 10 kwa siku, na kwa viti vinne zinakuwa saa 40. Kwa wiki ni 240, na kwa wiki nne za Mei nilizochukua ni 960. Nimejumlisha muda ambao watu walikaa kwelikweli katika wiki hizo nne nikapata saa 582. Kwa hiyo viti vyako vilifanya kazi asilimia 61 ya muda wake. Hiyo namba peke yake haifai kitu mpaka uigawe kwa siku. Jumamosi ni asilimia 95, Ijumaa 80, lakini Jumatatu hadi Alhamisi ni 47. Yaani siku nne kati ya sita, zaidi ya nusu ya saluni yako inakaa bure, na kodi ya hicho kinachokaa bure unailipa tayari.

Asilimia 95 ya Jumamosi ni kujaa kabisa, usiitafute 100. Kati ya kichwa na kichwa kuna kufagia, kuchana, kufumua, na mteja anayechelewa kwa sababu matatu ya kutoka Njoro haikujaa. Kwa uzoefu wangu kiti kikipita asilimia 85 foleni huanza kuonekana. Basi unapohisi kwamba umezidiwa, hujidanganyi. Umezidiwa, ila ni kwa siku moja na kipande cha nyingine.

Kabla hujalaumu viti, simama Jumamosi moja saa nane mchana uangalie wateja wanasubiri nini hasa. Una sinki moja. Mteja wa dawa ya kulainisha nywele lazima aoshwe dakika ile ile inayotakiwa, la sivyo atachomeka, kwa hiyo anamruka mwenye kungoja kuoshwa na kublodraiwa. Nikiangalia saa ulizoandika, naona wateja kadhaa wa Jumamosi mchana waliokaa dakika 40 kitini kabla jina la msusi halijaandikwa. Hao walikuwa wanangoja sinki. Kiti kilihesabika kimejaa, na hakuna mkono uliokuwa kichwani. Sinki la pili ndani ya chumba ulicho nacho huenda likakupa saa kadhaa za Jumamosi kwa gharama ndogo sana kuliko kodi ya chumba kizima. Vivyo hivyo kwa mikono: wasusi wawili wakisaidiana kichwa kimoja cha breidi, kiti kimoja kinakaa kitupu lakini hakuna wa kukihudumia. Daftari lako linaonyesha mnasuka mmoja mmoja mara nyingi, kwa hiyo kwako saa za kiti na saa za mikono zinakaribiana. Saluni nyingine isichukue hesabu hii bila kuangalia hilo kwanza.

Sasa malipo. Wiki zile nne uliingiza 296,400 kwa wateja 312, yaani wastani wa 950 kwa kila aliyekaa. Najua wenye saluni hupenda kuipandisha namba hii, na njia rahisi ya kuipandisha ni breidi, kwa sababu kichwa kimoja kinaleta 1,800 huku kuosha na kublodrai kunaleta 500. Lakini breidi inakalia kiti saa nne na nusu. Anayetoka na 500 anakaa saa moja. Malipo ya mteja yasiyogawanywa kwa muda yatakufanya uipende kazi inayokulia Jumamosi yako.

Nimeigawa hivi. Nimetoa kamisheni ya asilimia 40 kwenye kila kazi, nikatoa na vifaa, kisha nikagawa kwa saa za kukaa. Breidi inakuachia 1,080 kwa kichwa, sawa na shilingi 240 kwa saa. Hapo mteja amekuja na nywele zake za kusukia. Kublodrai kunakuachia 240 kwa saa pia, baada ya kutoa 60 za shampuu, kondishena na stima. Mistari unayotoza 700 kwa saa moja na nusu inakuachia 280. Dawa, hata baada ya kutoa 350 ya dawa yenyewe, inakuachia karibu 370 kwa saa. Ukichanganya kazi zote za Mei, saa moja ya kiti ilikuachia shilingi 263. Shika hiyo 263, tutaitumia.

Neno moja la pembeni hapo. Nimekuhesabia na wewe kamisheni yako kama msusi. Mwenye saluni asiyejilipa kwa mikono yake huona faida kubwa, halafu siku akiugua anagundua kwamba faida ilikuwa mshahara wake. Na ukiuza nywele za bandia, andika mauzo hayo safu ya pembeni. Yakiingia kwenye malipo ya huduma, wastani unapanda na kiti hakijaongeza hata dakika moja ya kazi. Bi harusi mmoja wa 12,000 hufanya vivyo hivyo. Mtoe kwenye wastani.

Twende kwenye chumba. Kodi 18,000. Stima na maji weka 3,000. Viti viwili, vioo, sinki, rangi na kazi ya fundi nimekadiria 90,000, ambazo ukizirudisha kwa miezi 18 ni 5,000 kwa mwezi. Jumla 26,000. Sijahesabu amana ya mwenye nyumba, wala kibali cha biashara cha kaunti, ambacho ada yake hupanda kwa ukubwa wa mahali na idadi ya wafanyakazi. Kaulizie kabla, usije ukashtukizwa. Ukigawa 26,000 kwa 263, unahitaji karibu saa 99 mpya za kazi kila wiki nne ili chumba kijilipie tu, bila kukupa kitu.

Saa 99 kati ya 480 za viti viwili, mtu ataona ni kidogo. Swali ni zitatoka wapi. Wateja wanaogeuka, wanageuka Jumamosi. Viti viwili, saa 10, Jumamosi nne: saa 80. Hata vikijaa kuanzia mnapofungua hadi mnapofunga, Jumamosi zote nne, vinakuletea 21,000 na gharama ni 26,000. Unapoteza kama 5,000 kila mwezi huku saluni ikionekana inavuma. Siku za katikati hazikusaidii, kwa sababu viti ulivyo navyo havijajaa; mteja wa Jumanne atakaa kiti kipya badala ya cha zamani, basi.

Na kuna jambo linalouma zaidi ya kodi. Viti viwili vinahitaji wasusi wawili. Leo saa 582 zinagawanywa kwa watu wanne, kila mmoja karibu saa 145, na kamisheni yake inafika kama 29,600 kwa wiki nne. Ongeza zile saa 80 za Jumamosi, ugawe kwa watu sita: kila mmoja anabaki na saa 110 na kamisheni ya kama 22,500. Umemkata msusi wako wa miaka mingi karibu robo ya mapato bila kumwambia. Atakaa mwezi mmoja, wa pili atapata kiti mahali kwingine mjini, na wateja wake watamfuata na simu zao. Daftari lina safu ya msusi, kwa hiyo hebu hesabu ni wangapi kati ya wanaorudi humwulizia mtu mmoja tu kwa jina. Hapo utajua ni kiasi gani cha saluni kinaweza kutoka mlangoni siku moja.

Kurudi sasa. Umeandika namba za simu tangu Machi, na umefanya vizuri kutotegemea ujumbe wa M-Pesa, maana mume humlipia mke na mama humlipia binti, na jina linalokuja silo la kichwa kilichosukwa. Ila mweleze mteja unachukua namba kwa ajili ya nini na upate ruhusa yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazigusa hata biashara ndogo. Nimechukua wateja wa Machi kwa sababu hadi mwisho wa Mei kila mmoja alikuwa amepewa nafasi ya kutosha ya kurudi. Mistari na blodrai nimewapa wiki nne, dawa na breidi wiki nane. Kosa la kawaida ni kumhesabu aliyewekwa dawa wiki mbili zilizopita kwamba hakurudi. Bado nywele zake hazijaota!

Wateja 180 wa Machi, waliorudi 81, asilimia 45. Ukiishia hapo utasema si mbaya. Nimewatenga. Wa zamani walikuwa 110, wakarudi 67, yaani asilimia 61. Wapya walikuwa 70, wakarudi 14, asilimia 20. Basi nikawatenga wale wapya kwa siku. Waliokuja Jumamosi walikuwa 50, na waliorudi ni 6 tu. Waliokuja siku nyingine walikuwa 20, wakarudi 8. Asilimia 12 kwa upande mmoja, 40 kwa upande mwingine.

Namba ni ndogo, na wapo wapita njia wa Jumamosi ambao hawangerudi hata ungewavika taji. Lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Mgeni anayekuja Jumamosi anangoja, anaoshwa harakaharaka, anasukwa na mtu anayetazama foleni, kisha harudi. Ile siku unayoiona kuwa dalili ya kukua ndiyo inayomwaga wateja wapya. Ukiongeza viti bila kugusa hilo, utawaingiza wapya wengi zaidi na kuwapoteza wengi zaidi.

Kwa hiyo kwa wiki nane zijazo, fanya kazi na Jumamosi yenyewe. Mwezi wa Mei ulisuka breidi 20 siku za Jumamosi, tano kila Jumamosi, nazo zilikula saa 90 kati ya 152. Weka sharti: breidi mbili tu Jumamosi, na ziwe zimeanza kabla ya saa nne asubuhi. Wengine wape bei ya chini kwa 200 Jumanne hadi Alhamisi, na waachie 300 ya kushikilia nafasi kwenye tili. Watakaokubali ni wafanyabiashara wa sokoni, wanafunzi wa vyuo, akina mama walio nyumbani. Mwalimu au muuguzi huenda asiweze, na baadhi yao utawapoteza. Nimehesabu upoteze vichwa vinne kati ya 12 utakavyoviondoa, na ni theluthi mbili tu za saa utakazofungua ndizo zijazwe na mistari na dawa. Bado unabaki na kama 5,500 zaidi kila mwezi, bila chumba na bila mkopo. Kumbuka chumba kilikuwa kinakutoa 5,000 hata kikijaa.

Mweke pia mtu mlangoni na karatasi Jumamosi. Kila anayegeuka aandikwe alitaka huduma gani, saa ngapi, na akiulizwa "Jumatano tukuwekee?" alijibu nini. Kwa sasa unajua kwamba watu wanageuka, lakini hujui ni wangapi, na wale wachache unaowakumbuka wanaweza kuwa ndio hao tu.

Kwa wapya, usingoje warudi kwa hiari. Kabla hajainuka, msusi aliyemhudumia amtajie siku: "Dawa yako itahitaji kuguswa wiki ya pili ya mwezi wa nane. Nikuandikie Jumatano ama Alhamisi?" Jibu likiwa ndiyo, liandikwe, na ujumbe uende siku mbili kabla. Hapo utapata namba mbili tofauti: wangapi kati ya kumi waliondoka na tarehe, na wangapi kati ya hao walitokea. Ya kwanza ikipanda na ya pili ikilala, wasusi wanaandika tarehe za kukufurahisha wewe.

Lini basi ukue? Ningetaka kuona miezi mitatu mfululizo ambayo wiki nzima haishuki chini ya asilimia 80 na Jumatatu hadi Alhamisi imefika 70, wapya wanarudi angalau 35 kati ya 100, na ile 263 ya saa moja haijashuka. Hiyo ya mwisho inakulinda na kujaza viti kwa kupunguza bei. Nimechagua 80 kwa sababu ya wasusi wako: asilimia 80 ni saa 768, na ukizigawa kwa watu watano kila mmoja anapata 154, zaidi ya 145 za leo. Msusi wa tano anaingia na hakuna anayekatwa. Ukizigawa kwa sita wanabaki na 128, kwa hiyo hata wakati huo ongeza mmoja, usiongeze wawili, na kiti cha tano kipime kwanza katika chumba ulicho nacho.

Disemba usiihesabu hata kidogo, wala wiki za kufunga shule za Aprili na Agosti. Breidi za Krismasi zitakuonyesha asilimia 90, kisha Januari, watoto wakishafumuliwa na kusukwa mistari ya shule, karo imelipwa na viti vimelala. Linganisha mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita ukishakuwa nao. Wenzako wa upande wa Kisii, ambako Wasabato ni wengi na Jumamosi ni siku ya kanisa, kilele chao kitaangukia siku nyingine, lakini hesabu ni ile ile.

Ukiona uchungu kukiacha chumba kichukuliwe na mwingine, kuna njia moja ninayoweza kuikubali. Tafuta fundi wa kucha anayejitegemea, akukodi sehemu ya chumba kwa 10,000. Mzigo wako unashuka hadi 16,000, ambao unahitaji saa 61, na Jumamosi zako zikijaa zaidi kidogo ya robo tatu zinautosha. Wasusi wa hivyo viti wawe wa kibarua cha Ijumaa na Jumamosi, wasiguse saa za wale wanne. Lakini fundi wa kucha alipe amana ya mwezi kabla hujatia sahihi kwa mwenye nyumba, kwa sababu akiondoka mwezi wake wa tatu, mzigo wa ile 10,000 unarudi kwako.